UZI: RR ya 1:3 inalipa kweli, au ni boksi tu tunalochora kwenye chati?

Kasuku72 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanisumbua, na humu najua wapo wanaolijua vizuri.

Nafanya EUR/USD kwenye H4, na mtindo wangu ni mmoja: nasubiri bei ikae kwenye boksi, nanunua karibu na sapoti, nauza karibu na rezistansi. Nitumie namba za mfano ili tuongee kitu kimoja. Sapoti iko 1.0800, rezistansi 1.0920. Bei imeshuka, imetoa mkia mrefu hadi 1.0792, mshumaa umefungia juu ya sapoti. Naingia chati ikisoma 1.0815. SL naiweka 1.0785, chini ya ule mkia. TP naiweka 1.0905, kabla ya rezistansi, maana mara nyingi bei hugeuka haijaigusa.

Kwenye chati hizo ni pipsi 30 za kupoteza kwa 90 za kupata. 1:3 safi. Kwenye magrupu nimeambiwa kwamba nikiwa na 1:3 siwezi kupoteza hela mradi nishinde mara moja kati ya nne. Sasa swali: kama ni rahisi hivyo, kwa nini kila mtu ana 1:3 na akaunti zinaungua? Kuna kitu hesabu hiyo inakificha?

Chogo_FX

Mkuu hakuna kinachofichwa. 1:3 unahitaji 25% tu. Ukishinda tredi 3 kati ya 10 uko na faida. Watu wanaungua kwa sababu hawana nidhamu, wanasogeza SL. Mimi nikiona boksi halinipi 1:3 nasogeza TP juu kidogo hadi inipe. Ukitaka kuwa salama zaidi nenda 1:5. Umemaliza.

Mzigo_Tayari

Mbona ndogo hivyo wakuu? Broka wangu ananipa 1:500. Kuna mtu humu alisema zipo hadi 1:1000. Hiyo 1:3 ni broka gani?

Chogo_FX

😂 Mzigo, hiyo ni levareji, ndugu yangu. Sisi tunaongelea umbali wa SL na umbali wa TP. Levareji yako kubwa haibadilishi hata pipsi moja hapo.

Bi_Mizani

Kasuku, swali lako ni zuri na Chogo kalijibu nusu. Ile 25% ni kweli kama hesabu. Tatizo ni pale anaposema "nasogeza TP juu hadi inipe". Tuchukue tredi yako hiyohiyo.

Kwanza spredi. Chati ya MetaTrader inakuonyesha Bid. Wewe unanunua kwa Ask. Tuseme spredi ni pipsi 2, basi chati ikisoma 1.0815 wewe umeingia 1.0817. SL ikipigwa 1.0785 umepoteza 32, si 30. TP ikifika 1.0905 umepata 88, si 90. RR yako halisi ni 2.75. Na asilimia ya ushindi ya kukutoa bila faida wala hasara si 25 tena: ni 32 ukigawanya kwa 120, yaani 26.7%.

Hilo dogo. Kubwa ni hili. Tuseme huna ujuzi wowote, umefumba macho ukabonyeza Buy pale 1.0815, na bei haina mwelekeo, inayumba tu juu na chini. SL iko pipsi 30 chini ya bei ya chati, TP iko 90 juu. Uwezekano wa kugusa TP kabla ya SL ni upi? Ni umbali wa SL ukigawanya kwa umbali wote: 30 kwa 120. Ni 25%. Weka hapa:

```
EV = p × faida − (1 − p) × hasara
EV = 0.25 × 88 − 0.75 × 32
EV = 22 − 24 = −2
```

Umepoteza pipsi 2 kwa kila tredi kwa wastani. Hizo pipsi 2 ni nini? Ni spredi, basi.

Sasa fuata ushauri wa Chogo, sogeza TP iende 1.0965, yaani 150 juu ya chati. RR kwenye boksi inaonekana 1:5, inapendeza. Lakini uwezekano wa kufika huko nao umeshuka: 30 kwa 180, karibu 17%. Piga tena: faida 148 mara moja kati ya sita, hasara 32 mara tano kati ya sita. 148 toa 160 ni −12, gawa kwa 6. Ni −2 ileile.

Kwa hiyo kusogeza SL na TP peke yake hakuzalishi hata senti. Ukipandisha RR, asilimia ya ushindi inashuka kukufuata. Ndiyo maana kila mtu ana 1:3 na akaunti zinaungua, Kasuku. Ile 25% unayohitaji, soko linakupa karibu hiyohiyo bure, na spredi inakula tofauti.

Chogo_FX

Dada kwa hesabu hiyo unasema soko ni bahati nasibu. Basi sapoti na rezistansi ni za nini? Mimi sinunui nimefumba macho. Nanunua kwenye sapoti.

Bi_Mizani

Hapo sasa umegusa penyewe, kaka. Sisemi soko ni bahati nasibu. Nasema hesabu ya mtu aliyefumba macho ndiyo kipimo cha chini cha kujilinganisha nacho. Kama sapoti ya 1.0800 ina maana, basi bei ikiwa pale itafika 1.0905 mara nyingi zaidi ya 25%. Ile ziada juu ya 25 ndiyo kazi ya chati yako. RR haikupi ziada hiyo, na SL haikupi.

Ndiyo maana mahali unapoweka SL na TP pana uzito. SL chini ya mkia wa 1.0792 ina hoja: bei ikifika 1.0785, wazo la "sapoti inashikilia" limekufa. TP ya 1.0905 ina hoja: wauzaji walikuwa 1.0920. Lakini TP ya 1.0965 ina hoja gani? Iko pipsi 45 ng'ambo ya ukuta ambao wewe mwenyewe umeuchora. Ulinunua ukiamini boksi linashikilia, halafu unadai livunjike ndipo ulipwe. Hapo unaweza kupata hata chini ya ile 17%.

Boksi lisipokupa RR ya kutosha kwa SL na TP zenye hoja, jibu ni kuacha tredi. Chati ndiyo inayotoa RR, wewe unaisoma tu.

Nyuzi_Tatu

Mie naomba nipingane kidogo na mwanzisha uzi. RR kubwa ni mateso. Mimi nashinda tredi 8 kati ya 10, nafunga nikiona kijani, roho inatulia. Ila akaunti haikui, inapungua polepole, na sielewi kwa nini maana nashinda sana. Labda komisheni?

Bi_Mizani

Nyuzi, fungua Account History, chukua tredi zote za kijani upate wastani wake, kisha za nyekundu upate wastani wake. Tuletee namba mbili tu.

Nyuzi_Tatu

Kijani wastani dola 8. Nyekundu wastani dola 40. Eh.

Bandari_Kuu

Pole sana. Katika tredi 10: 8 mara 8 ni 64, 2 mara 40 ni 80. Unapoteza dola 16 kila tredi 10. Komisheni haina kosa hapo. Kwa uwiano huo unahitaji kushinda zaidi ya 83% ndiyo utoke sare.

Na nadhani najua ile 40 inatoka wapi. Huna SL kwenye chati, au unayo unaisogeza, siyo? Tredi ikiwa kijani unafunga mapema, ikiwa nyekundu unasubiri irudi. Hiyo 80% yako imenunuliwa kwa SL ya mbali. Ni hesabu ya Bi_Mizani ileile, imegeuzwa upande wa pili.

Nyuzi_Tatu

Nasubiri irudi, ndiyo. Na huwa inarudi! Isipokuwa zile mbili 🙈

Kasuku72

Nashukuru, nimeelewa. Basi niwaletee daftari langu. Nimeandika tredi 60 za mtindo huu mmoja, H4, kununua kwenye sapoti. Masafa hayakuwa sawa kila mara, nimeyaleta kwa wastani, nao unaangukia karibu na mfano niliotoa: hasara 32, faida 88 baada ya spredi. Zilizofika TP ni 21. Zilizopigwa SL 39. Sikufunga yoyote katikati.

21 kwa 60 ni 35%. Nikipiga: 0.35 mara 88 ni 30.8. 0.65 mara 32 ni 20.8. Ni pipsi 10 kwa kila tredi. Yaani nina ziada, sivyo?

Bi_Mizani

Daftari safi, na hongera kwa kutofunga katikati, maana ukifunga katikati namba hizi zote zinapoteza maana. Pipsi 10 kwa hatari ya 32 ni karibu 0.31 ya hatari yako kwa kila tredi. Ni nzuri mno, na ndiyo maana nina wasiwasi.

Tredi 60 ni chache. Ukichukua kosa la sampuli, mzizi wa 0.35 × 0.65 ÷ 60, unapata kama 6%. Zidisha kwa 2 kila upande: asilimia yako ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 23 na 47. Mstari wako wa sare, 26.7, umo ndani ya hapo. Yaani mtu asiye na ziada yoyote angeweza kukuletea daftari kama lako, japo si mara nyingi. Endelea kuandika. Usiongeze loti kwa sababu ya hizi 60.

Chogo_FX

Dada unamvunja moyo mwenzio. Mimi nina swali la maana zaidi kwa Kasuku. Katika hizo 21 ulizoshinda, ngapi zilishuka sana kabla ya kupanda? Maana kama nyingi zilipaa moja kwa moja, SL ya 30 ni kupoteza hela. Bana SL.

Kasuku72

Nimerudi kwenye chati nikazipitia moja moja. Kati ya 21, kumi na saba hazikushuka pipsi 20 chini ya bei ya chati niliyoingilia. Nne ndizo zilishuka kupita hapo, zikakaribia SL, kisha zikapanda hadi TP.

Chogo_FX

Si nilisema! SL iwe 1.0795. Hasara inakuwa 22 pamoja na spredi, faida 88. RR ni 1:4.

Bandari_Kuu

Tuzipige basi. Ukibana, zile nne zinageuka hasara. Ushindi 17, hasara 43. 17 mara 88 ni 1496. 43 mara 22 ni 946. Zinabaki pipsi 550 kwa tredi 60, karibu 9.2 kwa tredi. Kabla ilikuwa 10. Chogo umempunguzia pipsi.

Chogo_FX

Pipsi, sawa. Lakini mimi siweki hatari kwa pipsi, naweka kwa asilimia ya akaunti. SL ikiwa fupi naongeza loti. 9.2 kwa 22 ni 0.42. 10 kwa 32 ni 0.31. Nani kashinda?

Bi_Mizani

Hapo Chogo ana hoja ya kweli na sitaikwepa. Ukipima kwa hatari, SL ya 20 imefanya vizuri zaidi kwenye daftari hili. Na kwa akaunti ndogo inasaidia pia. Kasuku akiwa na dola 500 na hataki kuhatarisha zaidi ya 1%, yaani dola 5: kwa hasara ya pipsi 32, loti 0.01 ni dola 3.20 na 0.02 ni dola 6.40, imezidi. Kwa pipsi 22, loti 0.02 ni dola 4.40, inakaa vizuri.

Wasiwasi wangu ni miwili. Wa kwanza, umechagua 20 baada ya kuangalia zilipoishia. Nne hizo zingekuwa nane, ingekuwaje? Ushindi 13, hasara 47: kwa RR ya 4 ni 52 toa 47, inabaki faida ya mara 5 ya hatari yako kwa tredi 60, badala ya 25. Sehemu kubwa ya faida imetoweka kwa tredi nne tu zilizoegemea upande mwingine. Wa pili, 1.0795 iko juu ya ule mkia wa 1.0792. Yaani SL yako inapigwa mahali ambapo bei ilishafika na sapoti haikufa. Sioni hoja ya chati hapo, naona hoja ya Ekseli.

Chogo_FX

Ekseli ndiyo inayolipa, dada.

Bandari_Kuu

Niongeze jambo kuhusu kubana SL, maana wapo watakaosoma huu uzi wakaenda kuweka SL ya pipsi 10. Rudini kwa yule aliyefumba macho. Anapoteza pipsi 2 kwa tredi popote atakapoweka SL. Lakini 2 kwa hatari ya 32 ni 6% ya hatari yake. 2 kwa hatari ya 10 ni 20%. Spredi haikui, ila uzito wake unakua kila unapobana. Kwa SL ya pipsi 10 unahitaji ziada kubwa mara tatu ili utoke pale pale. Tena wekeni ATR ya 14 kwenye H4 muone: kama mshumaa mmoja wa kawaida unatembea pipsi 20 na kitu, SL ya 10 inapigwa na pumzi tu ya soko, hata kama wazo lako ni sahihi.

Mama_Zuwena

Samahani naingilia. Mie niliuza pale rezistansi, SL nikaweka 1.0935. Asubuhi naamka tredi imefungwa kwa SL, natazama chati, kilele cha usiku ni 1.0929. Haikufika! Broka amenila wazi wazi. Hii RR mnayoongelea ina faida gani kama wanaweza kufanya hivyo?

Bi_Mizani

Shikamoo mama. Ilifungwa saa ngapi?

Mama_Zuwena

Marahaba. Saa sita na dakika tatu usiku.

Bi_Mizani

Huenda hujaonewa. Ukiuza, unatoka kwa Ask, na chati inachora Bid. Saa kumi na moja jioni ya New York siku ya soko inafungwa na kufunguliwa. Kwetu ni saa sita usiku au saa saba, kutegemea majira yao. Dakika hizo wauzaji na wanunuzi ni wachache na spredi inatanuka. Bid ikiwa 1.0929 na spredi ikafika pipsi 8, Ask ni 1.0937. SL yako ya 1.0935 imepitwa. Kama ni MT4, bonyeza F8, kwenye Common weka tiki kwenye Show Ask line, uanze kuona mstari wenyewe.

Kwa anayeuza, ongeza spredi juu ya SL, na kwenye TP pia ongeza, maana Bid inabidi ishuke kupita TP yako kwa spredi nzima ndipo ulipwe. Kasuku, daftari lako ni la kununua tu. Usilibebe kwenye kuuza bila kupiga upya.

Mama_Zuwena

Nimeweka. Kumbe mistari ni miwili! Ila pipsi 8 kwa EUR/USD bado naona wamezidisha.

Bandari_Kuu

Hilo mama uko sahihi kuwauliza. Linganisha na broka mwingine kwa demo, saa hiyohiyo.

Mzigo_Tayari

Sasa nimeelewa hiyo 1:3. Swali: SL nikishaiweka 32, siwezi kupoteza zaidi ya 32, sivyo?

Bandari_Kuu

Unaweza. SL ni amri ya kutoka kwa bei itakayopatikana, haina ahadi. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha kuilinda 1.20 ya EUR/CHF. Watu walikuwa wamenunua karibu na hapo, SL pipsi chache chini, RR nzuri kwenye karatasi. Bei ilishuka chini ya 1.00 ndani ya dakika chache, na SL nyingi zilijazwa mbali sana na zilipowekwa. Asilimia ya ushindi ya tredi ile kabla ya siku hiyo ilikuwa ya kupendeza mno.

Kwa mambo ya kawaida, angalia ajira za Marekani, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwetu au saa kumi na nusu majira yao yakibadilika. SL ya 32 inaweza kujazwa 37 au 40. Kwa hiyo kwenye ile hesabu tumia wastani wa hasara uliyolipa kweli, usitumie uliyoichora.

Kasuku72

Hiyo sikuifikiria. Kwenye daftari niliandika SL niliyochora. Nimeangalia sasa hivi, hasara tano zilijazwa vibaya, mbaya kuliko zote ni 41. Kwa hiyo wastani si 32 bali ni karibu 33. Pipsi 10 zangu zimekuwa 9 na kitu.

Kuhusu kubana, bado sijaamua. Nitaandika zote mbili kwa kila tredi mpya, ile ya 1.0785 ndiyo ya hela, ile ya Chogo ya daftari tu, hadi nifike tredi 150 hivi.

Chogo_FX

Sawa mkuu. Ila ukifika 100 zikiwa mbele, utaninunulia soda.

Bi_Mizani

Kasuku, kabla hujaendelea jiandae na moja. Ukishinda 35%, ndani ya tredi 100 una nafasi kama moja kati ya tatu ya kukutana na hasara 10 mfululizo, hata kama ziada yako ni ya kweli. Kwa hatari ya 1% akaunti itashuka kama 10%. Kwa 5% utakuwa umebakiwa na 60% ya hela yako, na wengi hapo ndipo wanapoanza kufunga katikati. Na kwa ile SL ya Chogo, ushindi wa 28%, mfululizo utakuwa mrefu zaidi.

Nyuzi_Tatu

Kumi mfululizo?! Mie narudi kwenye kijani changu.

Bandari_Kuu

Rudi, lakini weka SL.